52 ya Fizikia Ilimshinda 70 ya Historia, na Mathe Hakuamini

Likizo ya Desemba 2025 nyumbani kwetu kulikuwa na kesi. Mdogo wangu alikuwa amemaliza kidato cha pili, na ile fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tatu ilikuwa mezani, chini ya kikombe cha chai, ikingoja sahihi ya mzazi. Sehemu moja tu ilikuwa na vita: achukue Fizikia au Historia. Hao ndio wa mwisho wa 8-4-4, wale waliofanya KCPE ya 2023, kwa hivyo hakuna wa nyuma yao wa kuulizwa wala nafasi ya kurudia rudia mambo.

Mathe alikuwa na ripoti fomu mkononi. Fizikia 52, Historia 70. Kwake kesi ilikuwa imeisha. "Wewe kijana, kichwa chako ni cha Historia. Hii Fizikia itakuangusha." Mdogo wangu anataka uinjinia, na kila mtu anajua kozi za uinjinia huku kwetu zinaangalia Fizikia kwanza, pamoja na Hesabu na Kemia. Ukiiacha kidato cha pili umefunga huo mlango ukiwa na miaka kumi na sita. Kijana akanyamaza tu, macho chini.

Mimi naye sina adabu ya kunyamaza. Nikauliza swali moja: darasa zima lilipata ngapi?

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo, na wacha niuseme mapema ndio ukasirike ukiwa bado na bando. Kulinganisha 52 ya Fizikia na 70 ya Historia moja kwa moja ni kama kulinganisha shilingi 52 za Kenya na shilingi 70 za Uganda kisha useme mwenye 70 ni tajiri. Nambari zote mbili ni za kweli. Kipimo ndicho tofauti. Mtihani mmoja uliwekwa na mwalimu anayeamini maksi hutoka kwa Mungu, na mwingine ukawekwa na mwalimu mwenye roho safi. Kabla ulinganishe, lazima kila maksi uibadilishe iwe kwa pesa moja.

Hiyo pesa moja inaitwa alama sanifu, au alama z. Ni hesabu ya mistari miwili na tuliifanya jioni hiyo hiyo.

Unahitaji vitu vitatu kwa kila mtihani: maksi yako, wastani wa darasa, na mkengeuko sanifu. Wastani unaujua. Ripoti fomu nyingi huuandika pale kando ya somo, na kama hauko unajumlisha maksi za wote na kugawa kwa idadi yao. Hicho cha tatu ndicho watu hukimbia kwa sababu ya jina, lakini kazi yake ni rahisi: kinakuambia kwa kawaida wanafunzi wametawanyika umbali gani kutoka kwa ule wastani. Darasa ambalo wote wamebanana kati ya 58 na 64 lina mkengeuko mdogo. Darasa ambalo mmoja ana 15 na mwingine ana 90 lina mkengeuko mkubwa.

Ndio mathe aone hainyeshi kutoka mbinguni, tulianza na kundi la mdogo wangu la kusoma jioni, watu wanane. Maksi zao za Fizikia anazijua kwa moyo, kwa sababu wanachekana kila siku: 27, 30, 31, 36, 43, 45, 52, 56. Yeye ndiye wa 52. Jumlisha unapata 320, gawa kwa 8, wastani ni 40.

Sasa kila mtu mtoe 40. Wa 27 yuko chini kwa 13, wa 30 chini kwa 10, wa 31 chini kwa 9, wa 36 chini kwa 4. Juu ya wastani kuna tofauti ya 3, 5, 12 na 16. Ukijumlisha hizo tofauti na alama zake za kutoa na kujumlisha, unapata sufuri. Itakuwa hivyo kila mara, na kama haijakuwa sufuri jua umekosea mahali, rudi nyuma. Mdogo wangu mara ya kwanza alipata 2, kumbe alikuwa ameandika 31 kama 33.

Kwa sababu zinafutana, huwezi kutafuta wastani wa hizo tofauti vile zilivyo. Kwa hivyo kila tofauti unaizidisha kwa yenyewe, na hapo alama ya kutoa inapotea. 13 inakuwa 169, 10 inakuwa 100, kisha 81, 16, 9, 25, 144 na 256. Jumla ni 800 kamili. Gawa kwa 8 unapata 100. Halafu tafuta kipeuo cha pili cha 100, ambacho ni 10, ndio turudi kwa maksi za kawaida badala ya maksi zilizozidishwa. Hiyo 10 ndiyo mkengeuko sanifu wa hilo kundi. Ichukue kama urefu wa hatua moja ya hapo.

Mstari wa mwisho ndio huu:

```
z = (maksi yako - wastani) / mkengeuko sanifu
z = (52 - 40) / 10 = 1.2
```

Maana yake: yuko hatua moja na kidogo juu ya katikati ya kundi. Mtu aliyepata wastani kamili ana z ya 0. Aliye chini ya wastani ana z yenye alama ya kutoa, na hiyo si matusi, ni mahali tu.

Watu wanane ni wachache, hayo nayajua. Kundi dogo hata halina nafasi ya z kubwa: kwa watu wanane, hata mmoja awe Einstein na saba wengine wafungane, z yake haiwezi kupita 2.65. Kwa hivyo tulihitaji darasa zima. Bahati nzuri shule yao hubandika orodha ya maksi ukutani, jina la kila mtu na aibu yake (hiyo nayo ni posti ya siku nyingine), na mdogo wangu alikuwa na picha yake kwa simu. Wanafunzi 44. Tukaingiza maksi peke yake bila majina kwa Google Sheets, Fizikia safu ya B, Historia safu ya C. Yeye alikuwa mstari wa 7.

```
=AVERAGE(B2:B45)
=STDEV.P(B2:B45)
=(B7-AVERAGE(B2:B45))/STDEV.P(B2:B45)
```

Utaona kuna `STDEV.P` na pia kuna `STDEV.S`. Ya P ni ya wakati una kila mtu wa kundi unalolizungumzia, kama sisi tulivyokuwa na darasa zima. Ya S ni ya wakati una sampuli tu ya watu wengi zaidi, na inagawa kwa idadi kutoa moja, kwa hivyo inatoka kubwa kidogo. Kwa watu 44 tofauti ni ndogo sana. Kosa ni kutumia P kwa somo hili na S kwa lile, halafu ujifanye umelinganisha.

Majibu yakatoka. Fizikia: wastani 38, mkengeuko 11. Historia: wastani 64, mkengeuko 12.

Fizikia yake ni 52 kutoa 38, yaani 14, gawa kwa 11, unapata z ya 1.27. Historia yake ni 70 kutoa 64, yaani 6, gawa kwa 12, unapata 0.5.

Mathe alitoa miwani. Ile 70 aliyokuwa anaipigia makofi ni nusu hatua tu juu ya katikati. Darasa karibu lote liliogelea kwa huo mtihani. Ile 52 aliyokuwa anaionea aibu ndiyo iliyomweka mbele ya wenzake. Na kwa sababu nambari zenye desimali humfanya ashuku unamwibia, nilizigeuza vile Wajapani hufanya. Kule wanafunzi wanakua wakijua kitu kinaitwa hensachi, ambacho ni z ile ile imevalishwa nguo za maksi: unaizidisha kwa 10 kisha unaongeza 50. Fizikia ikawa 62.7, Historia ikawa 55. Hiyo aliielewa mara moja. Nambari haina alama ya kutoa na inafanana na kitu cha ripoti fomu.

Ankol wetu alikuwa hapo kwa kiti akikula mandazi, na akaleta hoja ambayo nimeiona pia kwa komenti zenu mara nyingi: "Si mngetoa tu wastani? 14 ni zaidi ya 6, basi. Kwani hii kugawa ni ya nini?"

Kwa Fizikia na Historia, ankol, ungekuwa na bahati, kwa sababu mikengeuko ya 11 na 12 inakaribiana. Lakini angalia Kemia na Kiswahili za huyo huyo kijana. Kemia alipata 58, wastani 46, kwa hivyo yuko juu kwa 12. Kiswahili alipata 66, wastani 60, yuko juu kwa 6. Kwa hesabu ya ankol, Kemia imeshinda mara mbili. Lakini Kemia darasa lilikuwa limetawanyika vibaya, mkengeuko wa 16, kuna watu wa 20 na watu wa 80. Kuwa juu kwa 12 hapo ni z ya 0.75. Kiswahili wote walikuwa wamebanana, mkengeuko wa 5. Kuwa juu kwa 6 mahali watu wamebanana hivyo ni z ya 1.2. Fikiria matatu mbili. Moja watu wamesimama wawili watatu, kusonga hatua sita mbele si kitu. Nyingine imejaa mpaka konda ananing'inia mlangoni. Ukisonga hatua tatu mbele humo ndani, wewe ni shujaa. Kugawa kwa mkengeuko ndiko kunakuambia uko kwa matatu gani.

Ankol akameza mandazi. Halafu akajaribu tena, na hii ya pili ndiyo iliyokuwa hatari kwa kweli. Binti yake yuko shule ya kitaifa, na alipata 61 ya Fizikia ambapo wastani wa darasa lao ni 66. Kwa hivyo z yake iko chini ya sufuri. "Kumbe kijana wetu amempita!" Alikuwa anamcheka mtoto wake mwenyewe, lakini nilimkatiza. Hapana. z inakuambia uko wapi ndani ya watu uliofanya nao mtihani. Ukibadilisha watu, umebadilisha rula. Binti yake anapimwa dhidi ya darasa tofauti kabisa, kwa karatasi nyingine. Hizo z mbili haziwezi kukaa kwa meza moja. Zile za mdogo wangu zinaweza, kwa sababu ni wanafunzi wale wale 44 waliofanya Fizikia na Historia, darasa lile lile, muhula ule ule. Kila mtu bado analazimika kufanya yote mawili. Hilo sharti likivunjika, kila kitu nimeandika hapo juu kinavunjika nalo.

Kuna shimo lingine tuliloingia, na ni la kijinga. Mara ya kwanza tulipoingiza orodha, mkengeuko wa Fizikia ulitoka mkubwa kuliko nilivyotarajia. Kuangalia vizuri, kuna msee aliyekuwa mgonjwa siku ya mtihani, na mahali pake paliandikwa 0. Hakupata sufuri, hakufanya! Kwa Google Sheets 0 na kukosa mtihani ni vitu viwili. Ukiacha kisanduku kitupu kinarukwa, ukiweka 0 kinahesabiwa.

Ukidhani ni kitu kidogo, rudi kwa wale wanane wa jioni na uongeze wa tisa mwenye 0. Wastani unashuka kutoka 40 hadi 35.6. Kwa hivyo mdogo wangu sasa yuko juu ya wastani kwa maksi 16.4 badala ya 12, na ungefikiri amepanda. Lakini ile sufuri iko mbali na wote, na umbali wake ukizidishwa kwa wenyewe unakuwa mkubwa kupindukia, kwa hivyo mkengeuko unaruka kutoka 10 hadi 15.7. z yake inashuka kutoka 1.2 hadi 1.05. Mtu mmoja ambaye hakuwa hata kwa chumba cha mtihani amembadilishia majibu. Ndiyo maana kabla ya kugawa chochote, panga maksi kutoka ndogo hadi kubwa na uzitazame kwa macho. Maksi moja ikikaa peke yake mbali kule, uliza ni ya nani na imefikaje hapo.

Na sasa wale wa komenti ambao mmesoma takwimu chuo, najua mnasubiri kuniambia z ya 1.27 ni asilimia kumi ya juu. Hiyo ni kweli kama maksi zimekaa kwa umbo la kengele, wengi katikati na wachache pande zote mbili sawasawa. Kwa darasa la 44, asilimia kumi ni kama watu wanne au watano juu yake. Lakini tulipopanga orodha, alikuwa namba 6, kwa hivyo watano juu yake. Safari hii jedwali limekaribia ukweli, na ni bahati. Fizikia za shule nyingi hazina umbo la kengele. Zina lundo kubwa la watu kati ya 25 na 40, halafu mkia mrefu wa wachache wanaoenda mpaka 70. Kwa darasa kama hilo jedwali la asilimia linaweza kukudanganya. Kama unataka nafasi, hesabu nafasi. Orodha si iko hapo?

Kitu ambacho sikumficha mathe, na sitawaficha nyinyi: z haisemi kijana anajua Fizikia. 52 ni 52. Karibu nusu ya karatasi ilimshinda, na mtihani wa KCSE hautamuuliza wenzake wa kidato cha pili walipata ngapi. Z ilijibu swali moja tu lililokuwa mezani, ambalo ni kati ya haya mawili, wapi anafanya vizuri zaidi akilinganishwa na watu wanaofundishwa na walimu wale wale kwa karatasi zile zile. Hoja ya mathe ilikuwa kwamba Historia ndiyo ilimpenda. Hiyo hoja ndiyo iliyokufa. Hoja kwamba Fizikia ni ngumu bado iko hai na inalipiwa kwa kusoma.

Mathe alitia sahihi. Fizikia ikabaki.

Kati ya muhula wa kwanza kidato cha tatu, kijana akaleta matokeo. Fizikia 58. Mathe sasa ni mtaalamu, akauliza wastani kabla ya kuketi. Wastani ni 51. Nikahesabu mkengeuko nikapata 9. 58 kutoa 51 ni 7, gawa kwa 9, z ni 0.78. Akashika kiuno. "Ilikuwa 1.27. Mbona imeshuka na maksi zimepanda?"

Kwa sababu sasa wanaofanya Fizikia ni 19 peke yao. Wale 25 waliokuwa wanavuta wastani chini mwaka jana wengi wao wameenda zao Historia, wamebaki waliojichagua. Anapimwa na watu wenye nguvu zaidi. Kama angekuwa na Historia pia na tukataka kulinganisha leo, hatungeweza tena, kwa sababu darasa la Historia na darasa la Fizikia si watu wale wale.

Mathe akafikiria kidogo. "Kwa hivyo hiyo nambari yako inabadilika ukibadilisha watu wa kupimwa nao."

"Ndiyo, mathe."

"Basi mwambie ankol yako asiniletee tena stori za binti yake hapa."